Kwa nini afisa ajira hakuoni LinkedIn wakati kazi unaiweza?

"Nimefanya uhasibu miaka mingi na wasifu wangu LinkedIn umejaa. Mbona sitafutwi?"

Kwa sababu afisa ajira anaanza na maneno, kusoma kunakuja baadaye. Wengi tunaamini kuna mtu anapitia wasifu mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo tunaupamba: mchapakazi, mbunifu, mwenye ari. Hakuna anayetafuta mhasibu kwa neno "mchapakazi". Ni kama namba za mafundi kwenye simu. Bomba likipasuka usiku, unaandika "bomba", na anayetokea ni yule uliyemhifadhi "Juma Bomba". Uliyemhifadhi "Juma Mcheshi" hatokei, hata kama ndiye fundi bora mtaani.

Afisa anayetaka mhasibu Dar es Salaam anaweza kuchuja kwa mji, kisha akaandika hivi:

```
accountant AND (QuickBooks OR Tally) AND payroll
```

QuickBooks na Tally ni programu za uhasibu. AND inadai yote yawepo. OR inatosheka na moja. Sasa mchukue mhasibu aliyejiita "Finance Enthusiast", na kwenye kazi yake akaandika kwa Kiswahili kwamba aliandaa mishahara ya wafanyakazi 40 kwa Tally. Tally anayo. Hana "accountant" wala "payroll", basi kaachwa nje kabla binadamu hajamwona. Kazi kaifanya kweli, ila mashine haitafsiri kwa niaba yake.

Kwa hiyo soma matangazo machache ya kazi unayoitaka, uokote majina yanayojirudia. Mstari ulio chini ya jina lako unabeba herufi 220, na hapo panatosha:

```
Accountant | QuickBooks, Tally, Payroll, VAT Returns
```

Kwenye Skills, anza kuandika kisha uchague jina linalojitokeza kwenye orodha, badala ya kubuni lako. Hayo ndiyo majina ambayo mfumo tayari unayatambua, na kichujio cha ujuzi kinayategemea. Uunganishe kila ujuzi na kazi ulikoutumia. Taja mji pia. Aliyeandika "Tanzania" tu anaweza kukosekana afisa anapochuja kwa Dar es Salaam.

Kutokea, hata hivyo, si kutokea juu. LinkedIn imewahi kueleza kwamba inapopanga majina hupima pia uwezekano wa mtu kumjibu afisa, lakini kanuni kamili haiko wazi kwa umma, kwa hiyo anayekuuzia siri ya kushika namba moja anabahatisha kwa pesa zako. Open to work, alama ya kwamba unatafuta kazi, unaweza kuiweka ionekane na maafisa ajira pekee. LinkedIn hujaribu kuwaficha wale wa kampuni yako, ila haitoi dhamana, na bosi hahitaji kujua mapema.

Baada ya wiki kadhaa fungua Search appearances, uangalie vyeo na kampuni za waliokupata. Ukiona wengi ni wauzaji wa bima, rudi kwenye maneno yako.