Ukiacha kumchangia mtayarishaji kwenye Patreon: yanayosemwa na yalivyo

Tuseme kijana wa Malindi anamchangia fundi wa Matondoni kule Lamu, anayerekodi uundaji wa jahazi, dola 5 kila mwezi kupitia Patreon, tovuti ya kuwachangia watayarishaji ili uone kazi zao. Alijiunga tarehe 12. Leo ni tarehe 20 Machi, pesa zimebana, anataka kuacha.

Wenzake barazani watamwambia akighairi leo atafungiwa leo. Sivyo. Ameshalipia hadi tarehe 12 Aprili, na mpaka siku hiyo ataendelea kuona kila kitu. Kughairi kunazuia makato yajayo tu, kwa hiyo hana sababu ya kungoja siku ya mwisho, maana wanaongoja ndio wanaosahau. Ila asitarajie kurudishiwa pesa za siku zilizobaki; hilo lategemea hiari ya fundi mwenyewe.

Dhana inayowaumiza watu zaidi ni hii: "Video za Januari nililipia, hizo ni zangu." Muda ukiisha, hata hizo zinafungwa. Somo la kulaza mkuku, la kupachika mataruma, la kutia kalafati, yote atayaona majina tu na alama ya kufuli. Alicholipia ni ruhusa ya kutazama. Kitakachobaki ni kile alichokwisha kupakua, kama vile faili ya vipimo iliyoko kwenye simu yake. Kama kulikuwa na vipindi vya sauti vinavyokuja kwa kiungo chake binafsi, vipya havitaingia tena. Kwenye Discord, programu ya mazungumzo ya vikundi, atavuliwa cheo cha wachangiaji, na vyumba vilivyofungwa kwa cheo hicho vitatoweka. Kutolewa kabisa au kubaki na vyumba vya wazi kunategemea fundi alivyopanga. Basi wiki hizi tatu zilizobaki azitumie kupakua kinachoruhusiwa kupakuliwa.

Wengine hawaghairi kabisa. Wanaacha M-Pesa tupu, wakidhani kadi ya GlobalPay ikikataa basi mambo yamekwisha. Kadi hiyo huvuta salio la M-Pesa lenyewe, na Patreon malipo yakikataliwa hujaribu tena siku za mbele. Ukitumiwa pesa ya unga jioni, dola 5 zaweza kuondoka nayo. Na wakati huo wote malipo yanapokataliwa, unafungiwa posti, kwa hiyo hujafaidi lolote.

Kufuta programu kwenye simu nako hakughairi kitu. Aliyejiunga kupitia malipo ya Apple ndani ya iPhone hughairi kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Subscriptions. Kufuta akaunti ya Patreon peke yake hakusimamishi makato ya Apple.

"Nitarudi nikipata." Kurudi kunawezekana, na posti za zamani kwa kawaida hufunguka tena. Lakini kama daraja lake la uchangiaji lilikuwa na nafasi chache, nafasi aliyoiacha mwingine anaweza kuichukua, na atakaporudi atachagua kati ya madaraja yaliyopo siku hiyo, kwa bei ya siku hiyo.