Ulezi wa ombi la kwanza katika programu huria

Katika miradi ya programu huria, mlezi ni mchangiaji mzoefu anayekaa karibu na mwanafunzi tangu anapochagua kazi yake ndogo ya kwanza hadi badiliko lake linapoingia kwenye msimbo wa mradi. Mipango kama Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, na Outreachy humpangia kila mshiriki mlezi wake, lakini ulezi wenyewe hauhitaji mpango mkubwa. Kundi la wanafunzi wanaokutana Tanga mjini na mradi mmoja ulioko GitHub vinatosha.

Sehemu kubwa ya ulezi hufanyika kwenye ombi la kuunganisha. Mwanafunzi hana ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye hazina ya mradi. Anachukua nakala yake, anafanya badiliko kwenye tawi la pembeni, kisha anabonyeza `Create pull request`, yaani anawaomba wenye mradi wachukue badiliko lile. Kuanzia hapo kila mstari aliougusa unaonekana, na yeyote anaweza kuandika maoni chini yake. Kwa aliyezoea kumkabidhi mwalimu daftari akasahihishiwe faraghani, huku ni kuvuliwa nguo sokoni. Ndiyo maana mlezi hupima maneno.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kuna programu ndogo inayoonyesha ratiba ya mabasi yatokayo Tanga kwa saa za Kiswahili. Kazi aliyopewa mwanafunzi inasema: basi la kwenda Dar es Salaam linaloondoka 06:00 linaonekana "saa 0 asubuhi", badala ya saa 12. Msimbo wenyewe ni huu:

```python
def saa_ya_kiswahili(h):
    return (h - 6) % 12
```

Mwanafunzi analeta hivi:

```python
def saa_ya_kiswahili(h):
    if h == 6:
        return 12
    return (h - 6) % 12
```

Ameongeza mistari miwili. Lakini GitHub inaonyesha `+142 −140`, kana kwamba faili zima la mistari 140 limefutwa na kuandikwa upya. Na alama ya majaribio ya kiotomatiki imeganda, haiwi ya kijani wala nyekundu.

Mlezi mgeni huanza kuandika papo hapo: umebadilisha faili zima, majaribio hayajapita, tena umesahau saa 12 jioni, na kichwa cha badiliko, "Add files via upload", hakielezi kitu. Yote manne ni kweli. Mwanafunzi akiyasoma kwa mkupuo hajui aanze wapi, na mara nyingi hurudi mara moja tu, kuja kulifunga ombi.

Mlezi mzoefu kwanza hutenganisha makosa ya mwanafunzi na mambo ambayo si yake. Majaribio yaliyoganda si kosa lake hata kidogo. Tangu mwaka 2021 GitHub husubiri mwenye mradi aruhusu majaribio ya mtu anayechangia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kulikuwa na watu waliotumia kompyuta hizo za majaribio kuchimba sarafu za kidijitali. Mlezi anasoma badiliko, anajiridhisha kwamba ni salama, anabonyeza kitufe cha kuruhusu, basi. Asipofanya hivyo, mwanafunzi atakesha akitafuta kosa ambalo halipo.

Ile mistari 140 nayo ina chanzo kinachojulikana. Mwanafunzi alipakua mradi kama faili la ZIP, akauhariri kwenye kompyuta ya Windows, kisha akapakia faili kwa kivinjari. Kichwa "Add files via upload" ndicho kinachomfichua, maana GitHub hukiandika yenyewe mtu asipoandika chake. Kihariri chake kilihifadhi mwisho wa kila mstari kwa alama mbili za Windows, CRLF, ilhali mradi unatumia moja, LF. Kwa jicho hakuna kilichobadilika. Kwa Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, kila mstari ni mpya. Kulithibitisha hili ni rahisi: mlezi anaongeza `?w=1` mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa mabadiliko, tofauti za nafasi tupu zinafichwa, na inabaki mistari miwili ya kijani. Ingebaki mingi, tungejua kuna kitu kingine, pengine kihariri kilichopanga upya msimbo chenyewe.

Sasa inakuja hukumu ya mlezi: lipi ndilo somo la safari hii? Kwa maoni yetu, CRLF si somo la ombi la kwanza. Kumtaka mtu ambaye bado hajasakinisha Git aelewe miisho ya mistari ni kumpeleka Pangani kwa njia ya Lushoto. Kwa kawaida GitHub humruhusu mwenye mradi kuandika kwenye tawi la mwombaji, isipokuwa mwombaji awe ameondoa tiki ya ruhusa hiyo. Mlezi anamwambia kwanza, kisha anasafisha mwenyewe. Kama ombi ni namba 31 na mradi una faili `.gitattributes` lenye mstari `* text=auto`, kazi ni amri nne:

```
gh pr checkout 31
git add --renormalize .
git commit -m "Rudisha miisho ya mistari kuwa LF"
git push
```

Saa 12 jioni ndiyo somo. Hapo mlezi hagusi msimbo, ingawa jibu analo kichwani na lingemchukua nusu dakika. Anaandika:

"Karibu, na asante kwa kazi. Nimeendesha tawi lako: basi la asubuhi sasa linasomeka saa 12, kwa hiyo ulicholenga kimekaa sawa. Alama ya majaribio ilikuwa inasubiri ruhusa yangu, haikuwa kosa lako. Jambo moja kabla hatujaunganisha: hebu endesha `saa_ya_kiswahili(18)` uniandikie hapa inatoa namba gani. Usilifunge ombi hili. Badiliko lolote utakaloweka kwenye tawi lilelile litaonekana hapahapa. Nitapita tena kesho saa 2 usiku."

Sifa iliyomo ni ya kitu kimoja, na mlezi amekihakikisha kwa kukiendesha. "Kazi nzuri sana!" tupu haimsaidii mtu, tena mwanafunzi akiisikia kila siku anajua ni salamu tu. Kuhusu kutofunga ombi, maneno yale yanatokana na kosa la kila mara: wanaoanza huamini kwamba marekebisho yanahitaji ombi jipya, hivyo hufunga la kwanza na kufungua la pili, na mazungumzo yote yanabaki kule nyuma.

Swali la 18 limewekwa kwa makusudi. Kwetu mwanafunzi aliyelelewa vizuri akielekezwa na mkubwa hujibu "Sawa, mwalimu", na hiyo "sawa" inaweza kuwa nimeelewa, sijaelewa, au naona haya kuuliza. Mlezi anayeandika "Kumbuka na saa za jioni" atapata "sawa", halafu kimya cha siku tatu. Swali ambalo jibu lake ni namba haliwezi kujibiwa kwa "sawa". Mwanafunzi anaendesha, anaona 0, na kosa analigundua mwenyewe kwenye kompyuta yake kabla mtu hajamwambia kwamba ni kosa.

Lugha nayo ina kazi yake. "Ondoa hii" kwenye maandishi, bila sauti wala uso, husomeka kama amri ya bosi. "Tuondoe hii, kwa sababu…" au "hebu jaribu" hubeba uzito uleule bila kuchoma. Ila upole usifiche wajibu. "Labda ungeweza pengine kufikiria" humwacha mwanafunzi akibahatisha kama ni lazima au la. Njia safi ni kuanza mstari na neno "Lazima" au "Hiari", na katika mzunguko mmoja wa uhakiki "Lazima" isizidi moja, mbili kwa shida. Na kati ya vitufe vitatu vya uhakiki, kwa ombi la kwanza chagua `Comment`. `Request changes` huweka alama nyekundu ambayo mgeni huisoma kama kukataliwa.

Mwanafunzi anarudi: "Inatoa 0. Nimebadilisha `h == 6` kuwa `h in (6, 18)`." Safari hii amehariri ndani ya ukurasa wa GitHub kwa alama ya kalamu, kwa hiyo CRLF haikurudi. Mlezi angependa mstari mmoja tu, `return (h - 6) % 12 or 12`, ambao kwa Python unatoa jibu lilelile. Hapa wengi huteleza. Msimbo wa mwanafunzi ni sahihi na unasomeka. Ule mwingine ni ladha ya mlezi. Anaweza kuutaja kama "Hiari", ila asizuie kuunganisha kwa sababu hiyo. Kila mzunguko wa ziada kwenye ombi la kwanza una gharama, hasa kwa mtu anayenunua bando la siku. Kile kisanduku cha pendekezo ambacho mwanafunzi anakikubali kwa `Commit suggestion` kibaki kwa makosa ya tahajia. Kikitumika kwa hoja yenyewe, anabonyeza bila kufikiri.

Ile ahadi ya "kesho saa 2 usiku" ina sababu. Mozilla ilipochunguza wachangiaji wake, waliopata uhakiki wa kazi yao ya kwanza ndani ya saa 48 walirudi kwa wingi, na waliongoja zaidi ya siku 7 karibu hawakurudi kabisa. Mlezi asiye na nafasi ya kusoma leo aandike mstari mmoja tu: nimeliona, nitalisoma Alhamisi. Kisha Alhamisi alisome. Ndiyo maana mwenye ajira ya mchana asichukue wanafunzi wapya zaidi ya wawili au watatu kwa wakati mmoja.

Kuunganisha kunafanywa kwa `Squash and merge`: mabadiliko yote matatu, likiwemo lile la kusafisha mistari, yanakuwa moja lenye jina la mwanafunzi kama mwandishi, na mlezi anaandika kichwa kinachoeleweka, mfano "Onyesha saa 12 badala ya 0 asubuhi na jioni". Siku hiyohiyo anampa kazi ya pili inayokaa jirani na ya kwanza: jaribio linalopitia saa zote kuanzia 0 hadi 23 na kuhakikisha hakuna inayotoa namba iliyo chini ya 1 au juu ya 12. Hiyo ataifanya kwa Git iliyosakinishwa kwenye kompyuta yake, na huko ndiko atakakoelezwa habari ya CRLF.