Livingstone kutoka Mikindani: aliyoyaandika mwenyewe na yaliyosimuliwa na wengine

Mkazi wa Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, akiulizwa habari za David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, ataonyesha nyumba. Wanafunzi wakiulizwa watataja Chuma na Susi, Waafrika waliosafiri naye. Msomaji wa vitabu atafungua shajara yake. Watu hawa watatu wanazungumzia miaka ileile, 1866 hadi 1873, na kila mmoja hudhani kwamba chanzo chake kinamtosha. Dhana nyingi potofu juu ya safari yake hiyo ya mwisho zinaanzia hapo.

Dhana: nyumba inayoonyeshwa Mikindani ndiyo aliyokaa, maana shajara yake inasema hivyo.

Shajara inasema machache kuliko hayo. Livingstone aliingia ghuba ya Mikindani tarehe 24 Machi 1866, na siku iliyofuata aliandika kwamba amepanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi na kushusha mizigo yote kutoka jahazini. Hakusema ni ya nani wala iko mtaa gani. Mapema Aprili alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo hakumaliza hata huo mwezi mmoja. Jengo linaloonyeshwa ni kumbukumbu ya mji, nayo ina thamani yake, ila haiwezi kuthibitishwa kwa sentensi ambayo haitaji jengo.

Majina nayo yana mtego. Shajara inasema msafara ulikuwa ukiondoka "Pemba" pale nyati alipompiga punda pembe, ikabidi punda apigwe risasi. Msomaji wa mbali hufikiria kisiwa. Mtu wa Mtwara anajua kwamba Pemba iko palepale kwenye ghuba. Vivyo hivyo, anayewatafuta Wangoni ndani ya shajara atatoka mikono mitupu, kwa sababu wavamizi aliowaogopa kila mtu wameandikwa "Mazitu". Wayao wameandikwa "Waiyau", na Ruvuma ni "Rovuma". Kabla ya kusema jambo fulani halimo, litafute kwa tahajia ya wakati ule.

Dhana: shajara ni maneno ya siku ileile, hayajaguswa na mtu.

Kilichochapwa mwaka 1874 kimepita mikono kadhaa. Njiani Livingstone aliandika kwenye vidaftari vidogo, na alipopata utulivu alinakili katika daftari kubwa. Baada ya kifo chake, rafiki yake Horace Waller alihariri yote. Waller alikaa na Chuma na Susi walipofika Uingereza, akawauliza maswali, na majibu yao akayatia ndani ya kitabu. Kwa hiyo katika kitabu hichohicho kinachoitwa cha Livingstone kuna sauti ya Myao aliyetoka naye Mikindani. Unaposoma, angalia ni wapi "mimi" anageuka kuwa "wao": hapo msimulizi amebadilika.

Hata tarehe zinahitaji jicho. Livingstone aliugua mara nyingi, akapoteza hesabu ya siku. Shajara inaweka kufika Ujiji kwa Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, tarehe 28 Oktoba 1871, ilhali Stanley mwenyewe aliandika 10 Novemba. Wote wawili walijua kusoma na kuandika, wote walikuwepo.

Dhana: masimulizi ya wasafiri wenzake ama ni uzushi mtupu, ama ndiyo ukweli uliofichwa.

Kisa cha Musa kinafaa kupimwa polepole. Musa alikuwa mkuu wa watu kumi kutoka Nzwani, Komoro, walioajiriwa kwa safari hii. Desemba 1866 alifika Unguja na wenzake, akasema Livingstone ameuawa na Mazitu ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Alieleza shoka lilivyomwingia shingoni kwa nyuma, na jinsi wao walivyojificha, wakarudi baadaye kumzika. Maelezo yalikuwa kamili kiasi kwamba hata daktari Kirk, aliyewahi kusafiri na Livingstone, aliamini. Habari zikafika London.

Shajara ina hadithi nyingine. Septemba 26, 1866, kwenye mji wa chifu Marenga kusini mwa ziwa, Mwarabu mmoja alileta habari kwamba nchi iliyo mbele imejaa Mazitu. Musa aliogopa sana. Livingstone alimpeleka kwa Marenga mwenyewe amuulize, na Marenga akasema njia watakayoshika haina Mazitu. Musa hakuridhika. Yeye na wenzake wakatua mizigo na kuondoka.

Hapo tuna neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, na si haki kumpa ushindi Livingstone kwa kuwa tu ndiye aliyekuwa na kalamu. Tena mwaka 1867 shajara haikuwa imefika kwa mtu yeyote. Kilichoamua shauri ni masimulizi ya wenyeji wa ziwa. Msafara wa E. D. Young, uliotumwa kutoka Uingereza kuchunguza habari za Musa, ulipanda mto Shire mwaka huo ukiwa na mashua iliyobebwa vipande vipande kupita maporomoko. Young aliuliza vijiji vilivyo mbalimbali, kimoja baada ya kingine, na watu wakamweleza mzungu aliyepita na mbwa wake mdogo. Mbwa huyo ni jambo dogo lenye uzito, kwa kuwa Livingstone kweli alikuwa naye, jina lake Chitane, na watu wa vijiji tofauti wasingeweza kupatana kumbuni. Kisha Marenga akasema Livingstone alipita kwake salama, na kwamba watu wa Nzwani walirudi muda mfupi tu baadaye wakiwa peke yao.

Kosa la Unguja lilikuwa wapi? Walimhoji mtu mmoja na kundi lake, waliosafiri pamoja na kupata muda mrefu wa kupatanisha maneno, na wenye sababu: mtoro hawezi kudai mshahara, lakini aliyenusurika anaweza. Wingi wa maelezo ulichukuliwa kuwa uthibitisho. Young alitafuta watu wasiojuana na wasiokuwa na la kupata.

Hata hivyo hofu ya Musa haikuwa ya kubuni. Shajara yenyewe imejaa vijiji vilivyoteketezwa. Alidanganya juu ya kifo, hakudanganya juu ya hatari, na anayemfuta kabisa anapoteza nusu hiyo.

Dhana: wote waliobeba mwili wake walitoka naye Mikindani.

Chuma na Susi, ndiyo. Jacob Wainwright, hapana: yeye aliungana na Livingstone mwaka 1872 pamoja na watu waliotumwa na Stanley. Hawezi kuwa shahidi wa Mikindani wala wa utoro wa Musa. Kwa siku za mwisho lakini ana nafasi kubwa, kwa kuwa alijua kuandika na aliweka shajara yake.

Umuhimu wake unaonekana kwa sababu Livingstone aliandika mara ya mwisho tarehe 27 Aprili 1873. Kuanzia hapo daftari lake ni kimya, na kila kinachojulikana kuhusu kifo, moyo kuzikwa chini ya mti kijijini kwa Chitambo, na safari ya mwili hadi Bagamoyo kimetoka kwa wenzake. Nao hawakubaliani juu ya siku ya kifo. Kitabu cha Waller, kwa maelezo ya Chuma na Susi, kinatoa 1 Mei. Maandishi yaliyochongwa kwenye ule mti yalisomeka 4 Mei. Kaburi la London likafuata kitabu.