Sura ya mwisho ya tasnifu ya elimu: mapungufu yako yameyafanya nini matokeo yako?

Rasimu nyingi za sura ya mwisho zinazofika mezani kwangu ni sura ya matokeo iliyofupishwa. Majedwali yameondolewa na sentensi zimegeuzwa kidogo, lakini habari ni ileile. Kisha inakuja aya ya mapungufu isiyogusa chochote, na baada yake mapendekezo ambayo ungeweza kuyabandika mwishoni mwa tasnifu yoyote ya elimu. Mwandishi anakuwa amechoka, hilo naliona. Lakini tatizo kubwa ni kwamba ameandika mapungufu, maana ya matokeo na mapendekezo kama vipande vitatu visivyojuana, wakati kila kimoja kilipaswa kuzaliwa na kile kilichokitangulia.

Nitaeleza kwa mfano niliouunda kwa ajili ya makala hii. Mtafiti anataka kujua kama wanafunzi wa darasa la sita huyatumia maoni ambayo mwalimu huandika kwenye insha zao. Amefanya kazi na walimu 8, kila mmoja amempa madaftari 12, jumla 96, kisha amewasaili walimu wote. Walimu 4 huwapa wanafunzi muda darasani wa kurekebisha insha zikisharudishwa. Wengine 4 huandika maoni yaliyo wazi vilevile, lakini hurudisha madaftari na kuendelea na mada mpya. Kwenye kundi la kwanza, madaftari 39 kati ya 48 yana insha iliyorekebishwa. Kwenye kundi la pili ni 7 tu kati ya 48.

Hayo yote yamo tayari kwenye sura ya matokeo. Sura ya mwisho inayahitaji kwa aya moja, yakiwa jibu la swali la utafiti: wanafunzi hawa waliyatumia maoni pale walipopewa muda wa kuyatumia, na bila muda huo ni wachache mno waliorudi kwenye insha zao. Basi. Msomaji anayetaka hesabu atafungua kurasa za nyuma.

Sasa mapungufu, na hapa ndipo ninapowashikilia wanafunzi wangu muda mrefu zaidi. Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuchagua darasa la sita badala ya la nne ni mawanda ya utafiti. Uliamua mwenyewe na ulishaeleza sababu mwanzoni. Pungufu ni kasoro iliyoingia kwenye data yenyewe. Pili, "muda na fedha havikutosha" si pungufu. Hiyo ni sababu. Pungufu ni kile ambacho ukosefu wa muda au fedha ulikifanya kwenye data, na msomaji anataka kuambiwa hicho.

Katika mfano wetu, walimu ndio waliochagua madaftari ya kumpa mtafiti. Rasimu ya kawaida ingesema: "Utafiti huu ulikuwa na pungufu la uteuzi wa sampuli, hivyo matokeo yasijumuishwe kwa wote." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Jiulize kasoro hii imeyasukuma matokeo upande gani. Mwalimu anayeombwa madaftari na mgeni ana kila sababu ya kutoa ya wanafunzi wenye bidii. Kwa hiyo ile 39 kati ya 48 huenda imepaa kuliko hali halisi ya darasa zima, na mtafiti aseme hivyo waziwazi. Lakini tazama upande wa pili. Kama madaftari ya kundi la pili nayo ni ya wanafunzi wenye bidii, basi hata hao hawakurekebisha insha zao walipokosa muda. Pungufu lilelile linalodhoofisha idadi moja linaipa nyingine uzito. Mtahini akikuta aya ya namna hiyo anajua kwamba aliyeandika anaifahamu data yake.

Liko pungufu la pili. Walimu wanaotoa muda wa kurekebisha huenda ni walimu wafuatiliaji katika mambo mengine pia, na mtafiti hakuwapanga yeye kwenye makundi. Hili linadhibiti lugha ya sura nzima. Anaweza kuandika kwamba muda wa darasani "uliambatana na" marekebisho, lakini hawezi kuandika kwamba "ulisababisha" marekebisho. Nimeona tasnifu zinazokiri jambo hili kwenye mapungufu, halafu ukurasa unaofuata zikalisahau kabisa.

Kutoka hapo ndipo maana ya matokeo inapotokea. Kipimo chake ni swali moja: baada ya utafiti huu, ni wazo gani ambalo haliwezi kubaki lilivyokuwa? Tuseme mapitio ya maandiko kwenye sura ya pili yalitegemea zaidi maelezo kwamba wanafunzi hawatumii maoni kwa sababu hawayaelewi. Data hii inaonyesha maoni yaliyo wazi yakiachwa vilevile, kwa hiyo maelezo hayo peke yake hayatoshi. Huo ni mchango kwa maarifa. Kwa kazi ya darasani, maana yake ni kwamba usahihishaji wa insha haujaisha siku daftari linaporudi kwa mwanafunzi. Sentensi hizi mbili hazikuwa na nafasi kwenye sura ya matokeo, na hiyo ndiyo dalili kwamba si marudio. Ukikuta sentensi ambayo ungeweza kuirudisha kule bila kubadilisha neno, ifute.

Mapendekezo nayo yana kosa moja ninalokutana nalo kila mara: "Serikali itoe mafunzo zaidi kwa walimu." Katika mfano huu hakuna aliyechunguza mafunzo, na walimu wa makundi yote mawili walijua kuandika maoni mazuri. Pendekezo hilo limetoka hewani. Pendekezo lenye mizizi linamtaja mtendaji, tendo, na tokeo linalolibeba: mwalimu wa lugha, siku anayorudisha insha, atenge sehemu ya kipindi hicho ili kila mwanafunzi arekebishe jambo moja aliloandikiwa. Tuseme pia walimu 2 walieleza kwenye usaili kwamba wakaguzi huhesabu idadi ya insha mpya, hivyo kurudia insha ileile huonekana kama uzembe. Hapo lipo pendekezo kwa wakaguzi: insha iliyorekebishwa ihesabiwe kuwa zoezi. Na kwa kuwa linasimama juu ya kauli za watu 2 tu, liandikwe kwa tahadhari hiyo.

Mapendekezo ya utafiti zaidi yasitafutwe mbali. Yako kwenye mapungufu. Atakayefuata achague madaftari kwa bahati nasibu kutoka orodha ya darasa, ili tujue kama wanafunzi wanaosuasua nao huutumia muda wanaopewa.

Kabla ya kuandika, chora jedwali la safu nne kwenye karatasi: tokeo, pungufu linaloligusa, maana yake, nani afanye nini. Safu ya mwisho ikijaa huku ya kwanza ni tupu, pendekezo hilo liondoe. Vyuo vingi vina vichwa vyao vya lazima kwa sura hii na huna budi kuvifuata. Jedwali ndilo litakaloshika uzi chini ya vichwa hivyo.

Na usilete data mpya hapa. Kama umekumbuka nukuu nzuri ya usaili ambayo haikuingia kwenye matokeo, rudi ukaiweke kule kwanza, uichambue pamoja na nyingine, ndipo uitegemee kwenye sura hii.