Mwenye duka akilazwa, bima ya moto na wizi inabaki na nani?

Katika kampeni hii ya kuhimiza wenye maduka madogo kuandika mipango ya biashara, tumepokea mipango mingi kwa ajili ya ushauri. Karibu kila mpango una kipengele cha majanga na bima, na mara nyingi kipengele hicho ni mistari mitatu: moto, tutakata bima; wizi, tutakata bima; mwenye duka akiugua, ndugu atasimamia. Dawati letu la malalamiko nalo hupokea watu ambao mistari yao ilikuwa hiyohiyo. Wengi ni waaminifu, wamelipa ada zao, na bado wanaondoka na pungufu ya walichotarajia au mikono mitupu. Tunaeleza hapa sababu, kwa kufuata duka moja la mfano kuanzia moto hadi kitandani. Masharti hutofautiana kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, kwa hiyo maelezo haya hayachukui nafasi ya hati uliyopewa. Isome.

Duka letu linauza daftari, kalamu na vifaa vya shule. Mwenyewe alikata bima wakati wa likizo ndefu, rafu zikiwa nusu tupu. Alihesabu mali akapata ya 6,000 kwa bei ya kununulia, na hicho ndicho kiasi alichokatia bima. Tunaacha jina la fedha, kwa kuwa hesabu ni ileile popote. Alifanya vizuri kuhesabu kwa bei ya kununulia, maana bima ya mali hurudisha ulichopoteza, si faida uliyokuwa ukiitarajia. Kosa lilikuwa mahali pengine. Shule zilipokaribia kufunguliwa alijaza duka hadi dari, na hakumwambia mtu wa bima.

Moto ukawaka usiku kwenye kona ya stoo. Asubuhi mkadiria hasara alifika, na swali lake la kwanza halikuwa chanzo cha moto. Aliuliza: duka lilikuwa na mali kiasi gani jana jioni? Majivu hayahesabiki, hivyo hujengwa hesabu. Mali ya mwanzo ilikuwa 6,000. Tangu hapo duka lilinunua ya 9,000, kwa ushahidi wa ankara. Liliuza kwa 7,500, na katika kila 3 za mauzo 1 ni faida, kwa hiyo mali iliyotoka ilikuwa ya 5,000 kwa bei ya kununulia. Sita elfu ukijumlisha tisa, ukatoa tano, unabaki na 10,000. Mali iliyosalimika ilihesabiwa ikafika 6,000. Hasara basi ni 4,000.

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Mwenye duka anasema: nimekata bima ya 6,000, nimepoteza 4,000, nilipeni 4,000. Mikataba mingi ya mali ina sharti la uwiano. Mali ya 10,000 iliyokatiwa bima ya 6,000 ina bima kwa sehemu 6 tu kati ya 10, na sehemu 4 zilizobaki mwenye duka amejibebea mwenyewe bila kuandika popote. Kila hasara, hata ndogo, hugawanywa hivyohivyo: sehemu 6 kati ya 10 za 4,000 ni 2,400. Mkataba wake unamtaka pia abebe asilimia 10 ya fidia, yaani 240, kwa hiyo anapokea 2,160. Tumeshawaeleza watu jambo hili mara nyingi, na bado tunaambiwa kwamba kampuni imekula fedha. Kampuni ililipwa ada ya bima ya mali ya 6,000 na imelipa kwa kipimo hicho.

Dawa yake iko kwenye mpango wa biashara, kabla ya moto. Usiandike kiasi cha bima kwa mali uliyonayo siku ya kujaza fomu. Andika kwa mali ya mwezi ambao duka limejaa kupita miezi yote, au omba mkataba unaoruhusu kiasi kupanda katika msimu uliotajwa. Na nakala za ankara, kitabu cha mauzo na hesabu ya mali zilale nje ya duka. Mwenye duka wetu aliokolewa na kitu kidogo: kila Jumamosi alipiga picha kurasa za daftari la mauzo na kuzituma kwa dada yake. Daftari lenyewe liliungua. Bila picha zile mkadiria angekosa mauzo ya 7,500, na asingeweza kufika kwenye 4,000 kwa njia ambayo mtu angeikubali.

Jambo moja zaidi juu ya moto. Bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake. Daftari zako hazimo, hata kama kodi yako inalipwa kila mwezi bila kuchelewa.

Wizi una mpaka wake, na mpaka huo ni alama ya nguvu. Bima ya kawaida ya kuvunjiwa inalipa pale mtu alipoingia au kutoka kwa kuvunja: kufuli iliyokatwa, bawaba iliyong'olewa, bati lililofunuliwa. Mteja aliyeficha kalamu mfukoni hayumo. Upungufu unaogunduliwa siku ya kuhesabu mali, bila kujua ulitoka lini, haumo. Mfanyakazi anayeiba ana bima yake tofauti, ya uaminifu wa wafanyakazi, na fedha za mauzo zilizolala dukani huwa na kikomo chake cha pekee, mara nyingi kwa sharti kwamba ziwe kwenye kasha la chuma lililofungwa. Tunaombwa kila mara tuingilie kati pale dai la upungufu wa rafu lilipokataliwa. Hatuwezi kuilazimisha kampuni ilipe kitu ambacho haikukiuza.

Ukivunjiwa, utaratibu ni huu. Usifagie na usitupe kufuli iliyokatwa, kwa kuwa hiyo ndiyo shahidi wako. Piga picha mlango ulivyo, kisha ripoti polisi siku hiyohiyo na uchukue namba ya taarifa. Mjulishe mtoa bima kwa maandishi ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba, hata kama bado hujui kilichoibwa ni kiasi gani. Orodha kamili inaweza kufuata. Unaruhusiwa, tena unatakiwa, kuziba mlango ili mali iliyobaki isiibwe. Weka risiti ya fundi. Usiongeze kitu kwenye orodha. Dai likibainika kuwa na udanganyifu katika sehemu moja, mtoa bima anaweza kukataa dai lote, pamoja na sehemu iliyokuwa ya kweli, na suala linaweza kufika kwenye vyombo vya sheria. Tumewahi kushughulikia dai ambalo televisheni moja ya kubuni ilizamisha hasara halisi ya duka zima. Ilituuma, lakini hatukuwa na la kufanya.

Sasa ugonjwa. Hapa tunaomba utulivu wa msomaji, kwa kuwa ndipo mipango mingi inapovuja bila mwenyewe kuona.

Mwenye duka wetu, miezi michache baada ya moto, alifanyiwa upasuaji. Daktari alimtaka akae nyumbani wiki 7. Alifunga duka, akaweka kufuli mbili, akampa dada yake funguo. Siku ya 40 duka likavunjwa. Kufuli zilikatwa, alama za nguvu zilikuwepo, polisi walifika, ankara zilikuwa salama kwa dada. Dai likakataliwa.

Sababu iliandikwa ukurasa wa masharti ya jumla. Mikataba mingi ya moto na wizi husema kwamba jengo likikaa bila mtu kwa siku kadhaa mfululizo, mara nyingi 30, ulinzi unasimama hadi mtoa bima akubali kwa maandishi uendelee. Duka lililofungwa kwa ugonjwa ni duka lisilo na mtu. Mkataba hauulizi kama ulikuwa ufukweni au hospitalini. Tunaelewa kwamba mgonjwa hafikirii kurasa za masharti, na ndiyo maana tunasema jambo hili lipangwe mtu akiwa mzima.

Barua moja ingetosha, kabla ya siku ya 30: duka limefungwa tangu tarehe fulani kwa sababu ya ugonjwa, linatarajiwa kufunguliwa tarehe fulani, funguo ziko kwa fulani, atakagua kila baada ya siku kadhaa na kuandika tarehe ya kila ukaguzi. Mtoa bima anaweza kukubali, anaweza kuongeza sharti la mlinzi, anaweza kukataa wizi na kubakiza moto. Jibu lolote ni bora kuliko kugundua siku ya 40. Na ugonjwa unaweza kuangukia tarehe ya kuhuisha bima. Ada isipolipwa kwa wakati, hakuna cha kujadili.

Njia ya pili ni kutofunga duka. Basi mpango utaje mtu, si neno "ndugu". Mtu huyo ana saini benki? Anajua msambazaji gani anadai na gani anakopesha? Anajua hati ya bima iko wapi? Akiwa mtu wa nyumbani au mwajiriwa, fahamu pia kwamba wizi wake mwenyewe kwa kawaida hauko ndani ya bima ya kuvunjiwa. Kuhusu hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, muulize mwanasheria swali moja mahususi: itaendelea kufanya kazi nikipoteza fahamu? Kuna sheria ambazo hati ya kawaida hukoma hapohapo, wakati unapoihitaji.

Fedha nazo zinachanganywa sana. Bima ya afya hulipa hospitali. Bima ya mkopo hulipa benki, na mara nyingi kwa kifo au ulemavu wa kudumu pekee. Bima ya kusimama kwa biashara, ile inayofidia faida wakati duka limefungwa, huanza pale mali ilipoharibika kwa janga lililotajwa, kama moto. Mwili wa mwenye duka haumo kwenye orodha ya mali. Kinacholeta kipato ukiwa kitandani ni bima ya kipato, nayo ina siku za kungoja kabla ya malipo ya kwanza. Zikiwa 30, mpango lazima uonyeshe kodi na mshahara wa msaidizi wa mwezi huo vitatoka wapi, kwa kiasi na kwa jina la akaunti.

Mwenye duka wetu alirudi kazini wiki ya nane. Katika mpango wake mpya kipengele kile kimekuwa ukurasa mmoja: kiasi cha bima kwa mwezi wa msimu, siku ya kupiga picha daftari, jina la dada na saini yake benki, tarehe ya kuhuisha, na barua ya kufunga duka ikiwa imeshaandikwa, imebaki nafasi mbili tu za tarehe. Nakala moja iko kwa dada, pamoja na namba ya simu ya mtoa bima.