Saa tatu kasoro dakika ishirini: kufuata ishara moja riwaya nzima

Nasahihisha insha nyingi za fasihi, na sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara ni hii: "Saa iliyosimama inaashiria kupita kwa wakati." Mwanafunzi ameiona ishara mara moja, akaipa maana, akafunga mjadala. Lakini ishara inayojirudia haibaki na maana ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kujua inafanya kazi gani, andika kila mahali inapotokea, taja sura, kisha jiulize: nani anaiona, na anajua nini safari hii ambacho hakukijua safari iliyopita?

Nitatumia *Great Expectations* ya Charles Dickens, iliyotoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1860 na 1861. Ina sura 59, na saa zake zimepangwa kwa uangalifu mkubwa.

Sura ya 8, Pip, mtoto aliyelelewa kwa mhunzi, anaingia chumbani kwa Bi Havisham, bibi tajiri. Anaona saa ya mfukoni imesimama saa tatu kasoro dakika ishirini, na saa ya chumbani imesimama dakika hiyo hiyo. Hakuna anayemweleza sababu. Anachoweza ni kuangalia tu: bibi yule amevaa kiatu kimoja, cha pili kiko mezani, na akiokota kito anakirudisha pale pale alipokitoa. Ukiisoma sura hii peke yake, saa ni sehemu tu ya ukichaa wa mwenye nyumba. Sura ya 11, Pip anaona saa nyingine kwenye ukuta wa nje wa jengo uani, nayo imesimama dakika ile ile. Hapo kilichokuwa cha mtu mmoja chumbani kimeenea hadi uani. Sura ya 17, Pip mwenyewe anaanza kuifikiria: anahisi kana kwamba kusimamishwa kwa saa kumeusimamisha wakati mahali pale, huku yeye na dunia ya nje wakizeeka.

Sababu tunaipata sura ya 22 tu, na hatuipati kwa Bi Havisham. Ni Herbert, rafiki yake, anayemsimulia Pip wakiwa mezani London. Bwana harusi hakutokea, ilikuja barua. Pip anadakia kuuliza kama ilimfikia akivaa nguo za harusi, saa tatu kasoro dakika ishirini, na Herbert anakubali. Tazama nani ameitaja dakika. Ni Pip: amekaa nayo kichwani tangu utotoni, na sasa anaitoa bila kuulizwa.

Wengi huishia hapo, kwa kuwa fumbo limefumbuliwa. Mimi naona sura iliyo nzito kuliko zote ni ya 29. Pip, sasa kijana mwenye fedha, anaamini kwamba Bi Havisham ndiye mfadhili wake wa siri na kwamba amemwekea Estella, binti yake wa kulea, awe mkewe. Anajiona shujaa wa hadithi: ataingiza jua vyumbani, atazitia saa mwendo tena, atapasua utando wa buibui, kisha amwoe binti mfalme. Saa imebadili mmiliki. Hadi hapa ilikuwa jeraha la mwanamke aliyeachwa. Sasa ni ndoto ya kijana, na ndoto yenyewe ni ya uongo. Pip anadhani yeye ndiye fundi wa saa zile, kumbe naye amekwama kwenye tamaa aliyoipata chumbani mle akiwa mtoto.

Dickens anailipa ndoto hiyo sura ya 39, kwa saa inayotembea. Usiku wa dhoruba Pip anasoma, saa yake ya mfukoni iko mezani, amepanga kufunga kitabu saa tano. Kengele za makanisa zinagonga, na mara anasikia hatua ngazini. Ni Magwitch, mfungwa ambaye Pip alimpa chakula utotoni, na ndiye mfadhili wa kweli. Usipoiweka sura hii kwenye orodha kwa kuwa saa yake haijasimama, umeikosa nusu ya ishara.

Je, kila saa iingie? Hapa kuna mpaka. Riwaya inataja saa za miadi na za safari bila kukusudia zaidi ya kupanga tukio, na ukizikusanya zote utazama. Kipimo changu: je, mwandishi ameyatuliza macho yetu juu ya kitu chenyewe, au ametaja wakati tu? Sura ya 25 inanipa kesi ngumu. Kwa Wemmick, karani wa wakili, huko Walworth, mzinga mdogo hupigwa kila usiku saa tatu kamili, na baba yake mzee, kiziwi, hufurahi kuusikia. Inavutia kusema kwamba nyumba hii yenye upendo inaifikia saa tatu ambayo nyumba ya Bi Havisham haiifikii kamwe. Lakini barua ilikuja asubuhi ya harusi, mzinga ni wa usiku, na hakuna mhusika anayeziunganisha. Kwa hiyo mzinga nauweka kama kinyume cha saa zilizosimama, kwa sababu kuupiga kila siku kumeelezwa kwa kirefu na kwa furaha. Zile dakika ishirini sizijengei hoja.