Rafiki asiyeonekana

"Mwanangu wa miaka minne anaongea na mtu asiyeonekana, miezi sasa. Ni jini, au akili imeguswa?"

Wala, mama. Mwanasaikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzake waliripoti mwaka 2004 kwamba kufikia miaka saba, takriban watoto 65 kati ya 100 wamewahi kuwa na rafiki wa kubuni, wakiwemo wanasesere waliopewa uhai. Mtoto anayemwekea rafiki huyo sahani ya ugali kwa kawaida anajua fika hayupo. Humng'ang'ania miezi kwa sababu anamhitaji: humsingizia kikombe kilichovunjika, humtwika woga wake wa giza, hugombana naye wakapatana. Akianza kumwogopa, au kudai analazimishwa kuumiza watu, mpeleke kwa daktari.